Kutafsiri Mpango wa HACCP kwa Kiswahili: Kutoka Jedwali la Vihatarishi hadi Urekebishaji

Mpango wa HACCP, yaani mpango wa usalama wa chakula unaotambua vihatarishi na mahali pa kuvidhibiti, husomwa na watu wawili wasiofanana hata kidogo. Wa kwanza ni mkaguzi, anayekaa mezani na kalamu akitafuta kama kila safu imejazwa. Wa pili ni mwendesha mashine, aliyesimama kwenye sakafu yenye maji, glavu mkononi, taa nyekundu inamulika, na ana sekunde chache za kuamua afanye nini. Tafsiri nyingi za mipango hii zinamridhisha wa kwanza na kumwacha wa pili akikisia. Mwongozo huu umeandikwa kwa mfasiri anayetaka wa pili aelewe, kwa sababu wa kwanza akifika huwa anamwendea huyohuyo na kumuuliza.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: kiwanda kidogo cha maziwa cha Tanzania, chenye mpango ulioandikwa kwa Kiingereza, mashine ya kupasteurisha inayofanya kazi mfululizo, na wafanyakazi ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Kupasteurisha, kwa asiyeyazoea maziwa ya kiwandani, ni kuyapasha maziwa hadi joto maalumu kwa muda maalumu, kisha kuyapoza haraka. Si kuchemsha. Ukiandika «kuchemsha» popote katika hati hii, mfanyakazi ana haki ya kusubiri maziwa yafure.

Kwanza, fuata maziwa kabla hujafungua jedwali

Mpango wowote wa HACCP una mchoro wa mtiririko: mapokezi, kuchuja, tangi la kupozea, kupasteurisha, kufungasha, ghala la baridi. Omba mchoro huo, kisha omba uende kiwandani ukaufuate kwa miguu, toka lango linalopokea madebe hadi mlango wa ghala. Unakwenda kuokota majina. Uliza kila kifaa kinaitwaje na watu wanaokigusa kila siku. Kama wao husema «bechi», usiwaletee «mkupuo» eti ni Kiswahili safi. Fomu yenye neno wasilolitumia hujazwa kwa kubahatisha.

Kuna vifaa viwili uvitazame kwa makini, kwa sababu vitakusumbua baadaye: kipimajoto cha kusomea, ambacho mtu hukitazama kwa macho, na kinasa joto, kinachochora mstari kwenye karatasi au kuhifadhi namba kwenye skrini. Katika mpango vinatajwa kwa zamu na kazi zake hazifanani. Kipimajoto cha kusomea ndicho chenye kauli ya mwisho. Kinasa joto hulinganishwa nacho, na hakitakiwi kuonyesha joto la juu kuliko lile la kipimajoto. Tafsiri inayoviita vyote «kipimajoto» inafuta ulinganisho huo.

Tatizo la neno «hatua»

Sasa faharasa, na hapa ndipo Kiswahili kinapotega. Kiingereza kina maneno manne tofauti kwa mambo manne: kipande cha uzalishaji, jambo linalofanywa kuzuia madhara, mahali ambapo udhibiti hauwezi kukosekana, na kinachofanywa mambo yakiharibika. Kwa Kiswahili mkono hukimbilia neno moja kwa yote manne: hatua, hatua ya udhibiti, hatua muhimu ya udhibiti, hatua ya kurekebisha. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na «hatua» thelathini, na sentensi kama «chukua hatua katika hatua ya 6 ikiwa hatua ya udhibiti imeshindwa» ikapita bila mtu kuishtukia.

Ninagawa hivi. «Hatua» nauachia mchoro wa mtiririko peke yake: hatua ya 1, hatua ya 6. Kinachozuia au kupunguza madhara nakiita «njia ya udhibiti». CCP naiandika hivyohivyo, kwa herufi zake, kwa sababu ndiyo alama iliyobandikwa ukutani na kwenye fomu, ila mara ya kwanza naieleza: kituo cha lazima cha udhibiti. Sipendi «muhimu» hapa. Kila kitu kiwandani kimeandikwa muhimu, hadi kunawa mikono na kufunga geti, neno limechoka. Na kinachofanywa baada ya kosa ni «urekebishaji».

Jozi ya pili ni kihatarishi na hatari. Kihatarishi ni kitu chenyewe kinachoweza kudhuru: bakteria, mabaki ya dawa, kipande cha chuma. Hatari ni makadirio yanayotokana na uwezekano wa kutokea na ukubwa wa madhara. Angalizo kwa Tanzania: katika ofisi za umma, «daftari la vihatarishi» ni hati ya makadirio, yaani maana ya pili. Kwa hiyo msomaji anaweza kufika na maana nyingine kichwani. Weka maelezo ya mstari mmoja mwanzoni mwa hati, kisha usibadilike.

Tatu: ufuatiliaji, uhakiki na uthibitishaji. Ufuatiliaji ni kutazama sasa hivi kama joto liko sawa. Uhakiki ni kurudi baadaye kuangalia kama mpango ulifuatwa, kwa mfano meneja kupitia karatasi za kinasa, au maabara kupima fosfatesi, kimeng'enya cha maziwa mabichi ambacho hufa maziwa yakipasteurishwa vizuri. Uthibitishaji ni ushahidi kwamba kikomo chenyewe kinatosha kuua vimelea. Usitumie «ithibati» kwa hili la tatu. Neno hilo limeshashikwa na mamlaka zinazotambua maabara na vyuo.

Jedwali la vihatarishi: kitenzi ndicho chenye habari

Mwandishi wa Kiingereza hujaza safu ya kihatarishi kwa vipande vya maneno, na mfasiri mvivu huandika «bakteria» akasonga mbele. Lakini kwa vihatarishi vya kibayolojia kuna mambo manne yanayoweza kutokea, na kila moja lina udhibiti wake. Vimelea vinaweza kuwemo tangu maziwa yalipotoka kwa mfugaji. Vinaweza kuongezeka tangi likipata joto. Vinaweza kunusurika upasteurishaji ukiwa hafifu. Vinaweza kuingia upya baada ya upasteurishaji, kupitia bomba chafu au mikono ya kufungashia. Kuwemo, kuongezeka, kunusurika, kuingia upya: andika kitenzi kila mara, maana bila hicho safu ya njia ya udhibiti haina cha kujibu.

Usiruke pia sifa inayofuatana na jina la bakteria. Mpango ukisema upasteurishaji huua bakteria wasio katika hali ya spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, usifupishe kuwa «huua bakteria wote». Spora za Basilasi sereusi hustahimili joto hilo, na sumu ambayo Stafilokokasi ameshaitoa ndani ya maziwa yaliyokaa kwenye joto haiondoki hata bakteria mwenyewe akifa. Msomaji wa «wote» anaweza kuamini kwamba maziwa yaliyolala nje usiku kucha yataokolewa na mashine.

Hivi ndivyo mistari mitatu ya jedwali letu inavyosomeka ikiwa tayari:

| Hatua | Kihatarishi na kinavyotokea | Kwa nini kinahesabiwa kuwa kikubwa | Njia ya udhibiti | CCP? |
|---|---|---|---|---|
| 1. Mapokezi | Kikemikali: mabaki ya antibayotiki yamo katika maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa | Upasteurishaji hauyaondoi, hakuna hatua ya mbele itakayoyaondoa | Kupima kila tangi kabla ya kupokea | Ndiyo, CCP 1 |
| 3. Tangi la kupozea | Kibayolojia: vimelea vinaongezeka joto likizidi | Baadhi hutoa sumu isiyoharibiwa na upasteurishaji | Kupoza hadi joto lisilozidi 4 °C | Hapana, ni kanuni ya msingi ya usafi na baridi |
| 4. Kupasteurisha | Kibayolojia: Salmonela, Listeria, Brusela na vimelea vingine visivyo vya spora vinanusurika | Vinaugua watu vibaya, hakuna hatua ya mbele itakayoviua | Joto na muda wa kupasteurisha | Ndiyo, CCP 2 |

Umeona neno moja lililoharibika? Mstari wa mwisho unasema vimelea «vinaugua watu». Wanaougua ni watu. Vimelea, kwa lugha ya kawaida, «vinawapa watu ugonjwa mkali». Nimeliacha makusudi, kwa sababu makosa ya namna hii hujificha ndani ya jedwali kuliko mahali pengine popote. Vipande vifupi havina sentensi ya kuvishika. Soma kila kisanduku kwa sauti, ukikitanguliza na jina la hatua, ndipo sikio litakamata.

Jambo dogo la ukurasa: Kiswahili huchukua nafasi zaidi ya Kiingereza, hivyo safu zitafurika. Usipunguze herufi hadi zisomeke kwa miwani. Laza ukurasa, au toa kila CCP kwenye karatasi yake.

Vikomo: lisipungue, lisizidi

Kikomo cha usalama ni mstari unaotenganisha chakula kinachokubalika na kisichokubalika. Kwa mashine yetu, joto ni 72 °C na muda ni sekunde 15. Katika Kiingereza alama iliyotangulia namba ni ≥, na hapo ndipo tafsiri huteleza: «zaidi ya 72 °C». Zaidi ya 72 haijumuishi 72 yenyewe. Kwa upande wa baridi, «chini ya 4 °C» inamkataza mtu 4 kamili ambayo mpango unairuhusu. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyomaliza ubishi huu: joto *lisipungue* 72 °C, joto *lisizidi* 4 °C. Vitumie kila mahali na uache «zaidi ya» na «chini ya» kwa alama za > na < tu. Alama zenyewe zibaki kwenye fomu, pembeni ya maneno.

Angalia pia kama mpango una namba mbili. Viwanda vingi huweka mashine ifanye kazi kwenye joto la juu kidogo, tuseme 74 °C, ili pawe na nafasi ya kushtuka kabla ya kugusa 72. Hiyo 74 ni «kiwango cha kazi», si kikomo. Likishuka hadi 73, mwendesha mashine anarekebisha mvuke na maisha yanaendelea. Likishuka chini ya 72, kunafunguliwa fomu ya urekebishaji na maziwa yanatengwa. Ukiziita namba zote mbili «kikomo», ama utatenga maziwa mazuri kila siku, ama watu watazoea kwamba kikomo huvukwa bila neno.

Sekunde 15 zina mtego wao. Katika mashine ya mfululizo hakuna mtu anayeshika saa. Muda huo hutokana na urefu wa bomba ambamo maziwa ya moto hupita na kasi ya pampu. Kasi hiyo ikishapangwa, hufungwa kwa lakiri isiguswe. Kwa hiyo safu ya ufuatiliaji haisemi «pima sekunde 15». Inasema «kagua kwamba lakiri ya pampu haijavunjwa». Mfasiri asiyeijua mashine huandika la kwanza, na fomu hujazwa «sek. 15» kila mstari na mtu ambaye hajapima chochote.

Halafu saa. Mpango unasema joto lisomwe kila baada ya saa 2. Saa mbili ipi? Ya muda, au ya asubuhi? Na kinasa joto huandika 14:30 wakati mfanyakazi anaandika saa 8:30, na wote wawili wako sahihi. Mkaguzi akizilinganisha karatasi hizo ataona rekodi zilizopishana kwa saa sita. Andika muda kwa dakika kila inapowezekana, «kila baada ya dakika 120», na kichwa cha safu ya fomu kiwe: «Saa kama inavyosomeka kwenye kinasa (mfano 14:30)».

Kabla ya kuacha namba, tafuta uharibifu wa kompyuta. Hati za zamani ziliandika alama ya digrii kwa kuinua sifuri au herufi o. Muundo ukipotea, 72 °C inakuwa 720C. Alama ya µ ikiwa iliandikwa kwa fonti ya Symbol hugeuka m fonti ikibadilishwa. Katika Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kikomo cha aflatoksini M1, sumu itokanayo na kuvu, katika maziwa ni 0.5 µg/kg, ikisomeka 0.5 mg/kg umeruhusu sumu mara elfu moja. Na kama mpango umetoka kwa muuza mashine wa Ulaya bara, huenda 0,5 imeandikwa kwa mkato. Chapisha namba zote za hati ya asili na za tafsiri katika orodha mbili, kisha mtu mwingine azisome kwa sauti wewe ukitia tiki.

Urekebishaji: nani afanye nini, kwa mpangilio upi

Kiingereza cha mipango hii hupenda sentensi isiyo na mtendaji: bidhaa itazuiliwa, chanzo kitachunguzwa. Kiswahili kinaweza kuiga, «bidhaa izuiliwe», lakini usiku wa zamu hakuna anayeitwa «izuiliwe». Kama mpango hautaji mtu, usimbuni. Andika swali, lipeleke kwa timu ya usalama wa chakula, upate cheo, ndipo uandike «msimamizi wa zamu atenge».

Neno la Kiingereza la kushikilia pia hutumika mara mbili katika CCP hii: maziwa hushikiliwa kwenye joto kwa sekunde 15, na bechi yenye shaka hushikiliwa isitoke. La kwanza nasema «kukaa kwenye joto», la pili «kuzuiliwa». Likichanganywa, mtu anaweza kuelewa kwamba bechi mbaya inatakiwa ikae zaidi kwenye bomba.

Tuchukue tukio. Kipimo cha 10:30 kilikuwa 73.1 °C. Saa 10:42 kinasa kinaonyesha 71.4. Mpango wa asili unasema kwa sentensi moja kwamba mtiririko ugeuzwe, bidhaa izuiliwe na itathminiwe. Sentensi hiyo imebeba hali mbili. Vali ya kurudisha ikifanya kazi yake, maziwa yenye joto pungufu hurudi yenyewe kwenye tangi la kulishia mashine, na hakuna kilichotoka. Vali ikikwama, maziwa yale yamekwenda mbele. Nilipoyatenganisha na timu ikakubali, maandishi yakawa hivi:

*Joto likipungua 72.0 °C:*

1. Mwendesha mashine aangalie vali ya kurudisha maziwa. Ikiwa imegeuka, asiiguse. Asubiri mpaka joto lirudi, kisha aandike saa ya kuanza na ya kumalizika.
2. Ikiwa vali haijageuka, asimamishe pampu papo hapo na amwite msimamizi wa zamu.
3. Msimamizi wa zamu atenge maziwa yote yaliyopita tangu kipimo cha mwisho kilichokuwa sawa, abandike kibandiko chekundu: YAMEZUILIWA, YASITOKE.
4. Msimamizi wa ubora peke yake aamue: yapasteurishwe tena au yamwagwe. Aandike uamuzi, kiasi na sahihi.
5. Mabomba na tangi za baada ya mashine zisafishwe na kuuliwa vijidudu chini ya usimamizi wa msimamizi wa zamu, kabla ya kuanza upya.
6. Fundi atafute chanzo, na meneja aandike kitakachobadilishwa ili kisijirudie.

Tazama namba 3: «tangu kipimo cha mwisho kilichokuwa sawa», yaani tangu 10:30, si tangu 10:42. Ukitafsiri «tangu tatizo lilipoonekana», dakika kumi na mbili za maziwa zinaingia sokoni. Tazama pia kwamba 1 hadi 5 hushughulikia maziwa na mashine ya leo, wakati 6 hushughulikia chanzo. Mipango inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 22000 huyataja mambo haya kwa majina mawili. Nayaita «marekebisho ya papo hapo» na «kuondoa chanzo», kila moja na kisanduku chake katika fomu. Kikiwa kisanduku kimoja, utakuta kimejazwa «maziwa yalimwagwa» na chanzo hakijaguswa.

Epuka «isipokuwa» na «na/au». «Usiendelee isipokuwa joto limerudi» humfanya mtu ahesabu vikanusho viwili kelele zikiwa juu. «Subiri mpaka joto lirudi» inatosha. Na «na/au» igeuze: «ama hiki, ama kile, ama vyote viwili».

Jaribio kwenye mashine, kisha toleo

Usimpe mwendesha mashine hati umuulize kama ameielewa. Atasema ndiyo. Mpe hali: «Kinasa kinasoma 71.4, vali imekwama, onyesha unachofanya,» kisha nyamaza utazame mikono yake. Akiisogelea vali kuigeuza kwa nguvu, tafsiri ya namba 1 au 2 ina kasoro, hata kama sarufi yake ni safi. Mfanyie hivyo pia mtu wa zamu ya usiku ambaye hakuwepo ulipokuwa unaokota majina.

Kwa vikomo na urekebishaji tu, mpe mfasiri mwingine asiyeiona hati ya asili arudishe Kiingereza, na timu ilinganishe. Hati nzima haihitaji gharama hiyo.

Ukikuta kosa katika hati ya asili, liandike pembeni, usilirekebishe kimyakimya. Mfano wa kawaida Tanzania ni mpango wa kabla ya 2019 unaoelekeza taarifa zipelekwe TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka huo udhibiti wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Mabadiliko hayo aidhinishe mwenye mpango katika lugha zote mbili, kwa namba moja ya toleo na tarehe moja, na ukurasa wa kwanza useme ni lugha ipi inayoshinda zikitofautiana. Karatasi za toleo la zamani zitolewe ukutani siku hiyohiyo, pamoja na ile iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mashine, ambayo kwa kawaida husahaulika.